Shela imebaki na kijani cha migomba

"Nikimkata bibi harusi na kumweka kwenye bakgraundi nyingine, shela inabaki na kijani cha migomba. Nimeshauriwa niifute kwa brashi ya 50%. Nifanyeje?"

Kaka, aliyekushauri ufute shela kwa brashi ya 50% yuko nusu sahihi: itaonyesha nyuma, ila mikunjo inapotea na kijani kinabaki. Mwili ukate peke yake kwa maski. Kwa shela, fungua Channels kwenye Photoshop uangalie Blue, maana humo majani huwa meusi na shela nyeupe. Shika Ctrl, bonyeza kijipicha cha Blue, tengeneza leya mpya juu, jaza nyeupe, halafu kwa maski bakiza eneo la shela tu. Penye mikunjo pataziba, penye tabaka moja patapitisha. Lakini zile picha za mjini Moshi zenye mawingu meupe nyuma, Blue haitenganishi. Mimi huzipaka kwa mkono.