Sikio zima lielekee darasa

"Nina mtoto darasa la nne hapa Igoma, sikio la kushoto halisikii vizuri. Nimkalishe wapi, na niongee kwa sauti kubwa?"

Mwalimu, mkalishe upande wa kushoto wa darasa akitazama ubao, mstari wa pili. Hapo sikio lake la kulia linakuelekea wewe na wenzake. Kuna aliyekushauri dawati la mbele kabisa, kapata nusu: pale shingo inachoka kukutazama juu, na mwenzake akijibu nyuma haoni nani anaongea.

Usipaze sauti. Ukipiga kelele midomo inapinda na maneno yanavurugika. Msogelee hadi hatua mbili hivi, ongea kawaida, na usisimame dirisha likiwa mgongoni, uso wako unakuwa kivuli. Ukiandika ubaoni nyamaza, kisha geuka ndipo ueleze.

Usimuulize "umesikia?" Atasema ndiyo. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akiitikia kila mara, siku moja nikamwambia aniambie kazi yenyewe: nilisema ukurasa wa kumi na sita, yeye kashika kumi na tisa. Tangu hapo namba naandika. Asipoelewa, badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale.

Mvua ikipiga bati, hata mimi bado sijapata dawa zaidi ya kuandika ubaoni.

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao anayetoka usaha sikioni, hilo si la kiti. Mpeleke hospitali wiki hii.