Picha ya nguo yako inasema nini: maswali kuhusu mikunjo, mikono, shingo na zipu

Picha mlizotutumia safari hii karibu zote ni nguo za kike, nyingi za kitenge na chache za satini. Kabla ya kuchukua wembe ukaanza kufumua, itazame picha yako taratibu. Mkunjo una mahali unapoanzia na mahali unapoelekea, na kule unakoelekea mara nyingi ndiko kitambaa kilikobanwa au kilikopungua.

Gauni langu la kitenge, mikono imetoa vimarinda begani ingawa sikutaka marinda. Kwa mbele pia kuna mkunjo unaopita kwa mshazari. Mzunguko wa kwapa ni inchi 17, kichwa cha mkono inchi 19½. Mkono wangu kwenye nyama ni inchi 12½, na mkono wa gauni pale pale ni inchi 16. Nimekosea wapi?

Una makosa mawili tofauti, usiyatibu kwa dawa moja. Tuanze na vimarinda.

Kichwa cha mkono lazima kizidi kwapa kidogo ili kilizunguke bega, lakini cha kwako kimezidi kwa inchi 2½. Sufi ingekubali kunywea kiasi hicho kwa pasi na mvuke. Kitenge ni pamba iliyofumwa kwa kubana, hakinywei. Kinachukua kama inchi moja hivi, na ukikilazimisha zaidi kinajikunja, ndivyo ilivyotokea. Kwa hiyo unatakiwa kukishusha kichwa mpaka inchi 18.

Mkono wako wa gauni una nafasi ya inchi 3½ kuzidi nyama ya mkono, nayo ni zaidi ya unachohitaji. Fumua mkono wote, ugeuze ndani nje, kisha ingiza mshono wa chini ya mkono nusu inchi kila upande, kuanzia kwapani, ukiupunguza polepole hadi kwenye pindo. Upana utashuka hadi inchi 15, bado unapumua vizuri kwa inchi 2½. Na kwa kuwa ncha za kichwa pale kwapani zinakaribia kulala, ukiondoa nusu inchi kila upande unakiondolea kichwa nacho karibu inchi nzima. Sasa uko kwenye 18½.

Nusu inchi iliyobaki itoe kileleni. Kata robo inchi tu juu kabisa, uunganishe na mzingo wa zamani bila kona, halafu upime tena. Pima kwenye mstari wa kushonea, si kwenye ukingo uliokatwa, maana ukingo huo ni mrefu kuliko mshono wenyewe na utakudanganya. Usishushe kilele sana kwa pupa. Kichwa kikiwa kifupi mno utapata mikunjo miwili inayopanda kutoka kwapani kwenda ncha ya bega, mmoja mbele na mmoja nyuma, na hapo huna tena kitambaa cha kurudisha.

Wakati wa kurudishia, piga mistari miwili ya mishono mirefu, milimita 4 hadi 5, juu ya kichwa tu, kutoka alama ya mbele mpaka alama ya nyuma. Mstari mmoja uwe robo inchi kutoka ukingoni, mwingine karibu na mstari wa mshono. Vuta nyuzi za bobini zote mbili kwa pamoja na uisambaze ziada kwa vidole, ukiacha kama inchi moja pale kileleni bila ziada, kwa sababu uzi wa kitambaa hapo umekaa sawa na ndipo panapokunjamana kwanza. Piga bandi kwa mkono, vaa, jitazame, ndipo ushone kwa cherehani huku upande wa mkono ukiwa chini, kwenye meno ya cherehani. Meno husukuma kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu, kwa hiyo ile ziada yanaimeza yenyewe.

Mkunjo wa mbele ni habari nyingine. Ungekuwa pande zote mbili tungesema kichwa ni kifupi. Kwa kuwa uko mbele peke yake, mkono wa gauni umekaa vibaya kulingana na jinsi mkono wako mwenyewe unavyoning'inia. Watu wengi mikono yao huelekea mbele kidogo. Unapopiga bandi, sogeza kilele kiende mbele ya mshono wa bega kama nusu inchi. Alama hazitakutana tena na haina shida. Mkono ukianguka wima bila mkunjo, hapo ndipo mahali pake.

Sketi ya satini, mishono ya ubavuni imekunjana yote kama imelowa maji. Uzi wa juu nimeulegeza mpaka basi, bado. Cherehani ni ya kukanyaga.

Kwenye picha ya karibu, uliyoweka rula, tumehesabu mishono 16 ndani ya inchi moja. Hapo ndipo pa kuanzia. Satini nyepesi imefumwa kwa nyuzi zilizobanana, na kila sindano inapoingia inazisukuma pembeni kutafutia uzi wa kushonea nafasi. Mishono ikisongamana, nyuzi za kitambaa hazina pa kwenda zaidi ya kujikunja. Weka mishono 9 au 10 kwa inchi, karibu milimita 2.5 hadi 3. Badilisha na sindano: namba 70/10, mpya kabisa. Ile 90/14 inayoshonea kitenge ni nene mno hapa, na sindano butu inavuta nyuzi za satini badala ya kupita katikati yake.

Kulegeza uzi wa juu peke yake hakusaidii kama wa bobini umekaza. Kwenye cherehani ya kukanyaga yenye kikasha cha chuma, toa kikasha na bobini yake, ukining'inize kwa uzi wake, kisha utingishe mkono mara moja. Kishuke kidogo na kusimama. Kama hakishuki kabisa, legeza skrubu ndogo ya pembeni kwa robo mzunguko, si zaidi, na ufanye hivyo juu ya sahani maana skrubu hiyo ikidondoka sakafuni huioni tena.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo halikudanganyi. Weka uzi mwekundu juu na mweupe chini. Chukua kipande cha mraba cha satini hiyo hiyo, kikunje kona kwa kona, ushone kwa kufuata ukingo uliokunja. Shika ncha mbili za mshono uvute mpaka ukatike. Ukikatika mwekundu, uzi wa juu umekaza kuliko wa chini. Ukikatika mweupe, ni bobini. Ikikatika yote pamoja kwa nguvu moja, umepata.

Ukishonea sketi yenyewe, shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano kikae kimenyooka, lakini usikivute kwa nyuma, maana kikiachiwa kinarudi na mkunjo wake. Mshono ukikamilika piga pasi kabla ya kuufungua, ya moto mdogo, na kitambaa cha pamba juu yake.

Shingo ya duara inalegea na ile fesingi ya ndani inachungulia nje. Nimepiga pasi mara nyingi haikai.

Pasi haiwezi kushikilia kitu ambacho hakikushonwa. Kilichosahaulika ni mshono unaoibana fesingi na nafasi ya mshono kwa pamoja. Baada ya kushona shingo, punguza nafasi hiyo hadi robo inchi, chanja sehemu za mzingo kila nusu inchi bila kugusa mshono, kisha isukume yote kuelekea fesingi. Kwa upande wa nje wa fesingi, pita na mshono mmoja karibu kabisa na ule wa shingo, kama milimita 2, ukikamata fesingi na nafasi iliyo chini yake. Gauni lenyewe usiliguse. Fesingi sasa inageukia ndani yenyewe, na kwa nje huoni uzi.

Kulegea ni jambo jingine. Mzingo wa shingo umekatwa kwa mshazari wa nyuzi, kwa hiyo unatanuka hata kwa kuushikashika tu. Shingo ijayo, mara tu ukimaliza kukata, pita na mshono wa kawaida ndani kidogo ya mstari wa kushonea, kutoka bega mpaka katikati, kisha kutoka bega la pili mpaka katikati. Hii ya sasa, kama imetanuka kwa nusu inchi au chini ya hapo, fumua fesingi, upige mistari ya mishono mirefu, uvute uzi hadi shingo ilingane na patani, halafu uikaze kwa pasi ya mvuke. Ikizidi hapo, ni afadhali ukate shingo pana kidogo na fesingi mpya yenye gamu.

Zipu ya kujificha mgongoni: mshono wa kiuno upande wa kushoto uko juu kuliko wa kulia, na chini ya zipu pamevimba.

Ulishona pande zote mbili kutoka juu ukiamini zitakutana. Fumua upande mmoja tu. Funga zipu, kisha kwa chaki weka alama kwenye utepe uliofumuliwa mahali kiuno cha upande wa pili kinapopita. Fungua zipu, piga bandi kuanzia alama hiyo kwenda juu na kwenda chini, funga tena uangalie. Kiuno kikilingana, shona.

Uvimbe wa chini unatokana na kitambaa kilichotanuka wakati wa kushona huku utepe wa zipu ukibaki vile vile. Bandika ukanda wa gamu wa upana wa inchi moja pande zote mbili za mgongo kabla ya kurudishia. Meno yalaze kwa pasi isiyo na moto mkali, maana meno ya nailoni huyeyuka. Mshono wa chini uanzie nusu inchi juu ya pale ulipoishia mshono wa zipu, kwa mguu wa cherehani wa zipu ya kawaida, ukiuvuta mkia wa zipu pembeni usikanyagwe.

Nitume picha gani ili mseme jambo la maana?

Vaa nguo, simama ukiangalia mbele, mikono ikining'inia. Simu iwe usawa wa kifua, umbali wa mita mbili au zaidi, mtu mwingine akipiga. Ukijipiga mwenyewe kwenye kioo unainua mkono mmoja, na bega likiinuka linatengeneza mikunjo ambayo haipo. Tuma mbele, nyuma na ubavu. Zima taa ya simu, kwa sababu inafuta vivuli na mshono uliokunjamana unaonekana umenyooka. Simama badala yake dirisha likiwa upande wako. Ongeza picha moja ya nguo ikiwa ndani nje, rula ikiwa imelala kando ya mshono unaokusumbua, na utuandikie namba ya sindano uliyotumia.