Maswali yenu: Ile sci ndani ya conscience na ndugu zake

Nikitamka conscious nasikia "konshas". Hiyo s inafanya nini pale kama haisomeki?

Inasomeka. Herufi tatu s, c na i zimeungana na kutoa "sh" moja, kwa hiyo hakuna iliyo bubu. Ukitaka kujua zimetoka wapi, rudi kwenye Kilatini, kwenye kitenzi scire, yaani kujua. Warumi walikitamka "skire", kila herufi na sauti yake. Wakakitanguliza con-, "pamoja", wakapata conscientia, ujuzi ambao mtu anao pamoja na mwingine, au anao moyoni juu ya matendo yake mwenyewe. Neno hilo likapitia Kifaransa, na katika karne ya 13 lilikuwa limeshaingia Kiingereza likiwa conscience.

Kilichobadilika baadaye ni matamshi. Sauti ya "s" ikifuatwa na i na irabu isiyo na mkazo, Waingereza waliiyeyusha ikawa "sh", ila kalamu haikufuata ulimi. Katika science mkazo uko juu ya i yenyewe, kwa hiyo i haikumezwa na tunasema "saiens". Ndiyo maana sikio halikuambii kwamba science na conscience ni mzizi mmoja. Jicho linakuambia, na ndiyo faida ya sci kubaki ilipo.

Kila mara naandika concious. Nipe njia ya kukumbuka.

Hili ndilo swali ninalolipokea kuliko yote, na karibu kila anayeliuliza anaandika kwa sikio. Anasikia mwisho unaofanana na precious na delicious, maneno yenye ci peke yake, basi analifananisha nayo.

Kata neno mara tu baada ya con, kisha soma kilichobaki. Con + science: hapo conscience imekwisha, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Con + sci + ous: hiyo ni conscious. Ukikata concious unabaki na "cious", na mzizi wa kujua haumo. Unapoandika conscience, itamke kimoyomoyo "kon-saiens". Hayo si matamshi sahihi, usiyatumie mbele za watu, lakini mkono utaifuata sauti hiyo bila kukosea.

Acheni kuimba herufi moja moja kama orodha. Anayeimba hivyo akikatizwa katikati hujui atarudia wapi, na wimbo wa conscious haumsaidii hata kidogo akifika conscientious.

Conscientious ina sci mara mbili? Nasikia sh mbili.

Sh ni mbili, lakini hazitoki pamoja. Ya kwanza ni sci na ya pili ni ti: kon-shi-EN-shas. Wengi huandika consciencious kwa sababu wameianza kutoka conscience wakaiacha c ilivyo. Ile c ni kazi ya Kifaransa, kilichoigeuza tamati ya Kilatini -tia kuwa -ce. Neno likipokea kiambishi kingine mwishoni, t ya zamani huonekana tena: essence huzaa essential, influence huzaa influential, na conscience huzaa conscientious.

Tumia kisu kilekile: con + scient + ious. Kipande cha katikati umeshakiona ndani ya scientist na scientific, kwa hiyo huna kipya cha kukariri. Kisha hakikisha i iko baada ya t. Conscientous, bila i hiyo, ni kosa la pili kwa wingi, na huwapata hasa wale waliokwisha kuishinda sci wakalegeza macho kabla ya mwisho.

Basi kila neno lenye sc baada ya con lina maana ya kujua?

Hapana. Conscript inatokana na kuandika, scribere. Na hata sci yenyewe haitoshi kuwa ushahidi: luscious inayo, na haina undugu wowote na scire.

Na unconscious? Consciousness?

Conscious haiguswi. Ongeza un- mbele, au -ness nyuma. Katika consciousness, s ya conscious hukutana na n ya -ness, na zote mbili zibaki.

Niliandika "a guilty conscious" na kompyuta haikupiga mstari mwekundu. Si ina maana ni sahihi?

Si sahihi. Mstari mwekundu hutokea neno lisipokuwepo kwenye kamusi ya programu, na conscious ipo. Ulichotaka ni nomino, dhamiri yenye hatia: a guilty conscience. Conscious ni kivumishi, hali ya kuwa na fahamu au ya kutambua jambo, kwa hiyo utasema "I am conscious of it", kamwe si "I am conscience of it". Jaribu kutia my mbele ya neno lenyewe peke yake. My conscience inasimama. My conscious inakuacha ukingoja nomino. Kosa hili nalichukia kuliko concious, maana concious hukamatwa na mashine, na hili hufika kwa msomaji likiwa zima.