Kanga ya zamani: anza na ukingo, mapambo yaje mwisho

Mtu akikuletea kisutu na kusema ni cha bibi mzaa bibi yake, usikimbilie kutazama mapambo. Kisutu cha nyekundu, nyeusi na nyeupe kimechapishwa upya kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya harusi. Mji na pindo vinaweza kuwa vilevile vya enzi za mababu huku kitambaa kimetoka kiwandani juzi. Mapambo yanakwambia mtindo ulizaliwa lini, lakini umri wa kanga hii uliyoishika hayaujui.

Mimi hutandaza kanga mezani na kufuata upande mrefu, ule ambao haukukatwa. Kwenye mashine za kufuma za zamani uzi ulikwenda ukarudi bila kukatwa, hivyo ukingo ni laini na umefungika. Mashine mpya, zilizoanza kuuzwa miaka ya 1950 na kuenea baadaye, hukata uzi kila unapovuka, zikaacha vishungi vifupi ukingoni. Vishungi vikiwepo, kanga haiwezi kuwa ya mwaka 1920. Visipokuwepo usishangilie, maana mashine za zamani ziliendelea kufanya kazi viwandani miaka mingi.

Hapohapo soma maandishi madogo. "Mali ya Abdulla" peke yake haitoshi, kwani alama hiyo ya Mombasa imetumika muda mrefu, na wapo wanaoiiga. Jina la nchi lina uzito zaidi: neno Tanzania halikuwapo kabla ya 1964. Jina la kanga, yaani ule msemo, likiwa kwa herufi za Kiarabu, hapo kuna sababu ya kufikiria miaka ya mwanzo ya kanga.

Rangi ndiyo inayowadanganya wengi. Watu huona nyekundu iliyofifia wakasema ni ya kale, kumbe jua na sabuni hufifisha hata ya mwaka jana. Nyekundu ya kiwandani ya alizarini ilikuwa sokoni tangu 1869, na aina nyingine zikaja baada ya 1912. Kwa macho huzitofautishi, hiyo ni kazi ya maabara. Taa ya urujuanimno nayo ina mtego. Weupe ukiwaka buluu, pengine ni dawa ya kung'arisha iliyotoka kwenye sabuni ya unga, si ya kiwandani.

Shangazi mmoja aliniletea doti ya kisutu akiamini ni ya miaka ya 1930. Rangi zilikuwa zimepauka vizuri, na mikunjo imechakaa hadi nyuzi zinaonekana. Ukingoni palisomeka Tanzania, herufi nusu zimefutika, na nilipopitisha kidole nikahisi vishungi mfululizo. Dalili iliyo changa kuliko zote ndiyo inayoamua, hata nyingine zikiwa kongwe namna gani. Nikamwambia, "Shangazi, hii haiwezi kutangulia 1964, na kwa vishungi hivi huenda ni ya baadaye zaidi." Akauliza kama mama yake angeweza kuivaa. Angeweza, lakini si kwenye harusi yake mwenyewe.