Fataki Ikimpiga Mtoto Jichoni, Usimwagie Maji

Juzi msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia. Mwanawe alipigwa na fataki mkesha wa mwaka mpya, majirani wakamwosha jicho kwa maji ya mtungi, na mmoja akashauri litiwe maziwa ya mama. Anauliza kama walifanya sawa. Hapana, dada yangu, na nakujibu hapa ili wengine nao wasikie.

Yangu yalinikuta sikukuu ya Idi pale Makadara. Vijana walitia fataki kwenye chupa ya soda, chupa ikapasuka, na mwanangu wa miaka saba, aliyesimama pembeni akila ubuyu, akapiga ukelele. Nilimdaka mikono yote miwili kabla hajafikicha. Mzee mmoja akaja na maji, nikamzuia, akanitukana mbele za watu. Maneno yale bado yananichoma, lakini maji hayakufika.

Nilichukua kikombe kipya cha karatasi kwa muuza sharubati, nikakikata nikabaki na kitako. Nikakifunika juu ya jicho, ukingo ukikaa kwenye mfupa wa nyusi na wa shavu, nikakishika kwa plasta. Ndani hamkuwa na pamba wala kitambaa. Hospitali walikuta kigae kimepasua kioo cha jicho na mboni imevutwa upande, si duara tena. Jicho lililopasuka likibanwa kidogo tu, vilivyomo ndani hutoka. Kuosha, kufuta, kupaka dawa na kuchomoa kilichokwama, vyote hulibana. Maji ya kumimina kwa wingi ni ya chokaa au sabuni iliyoingia jichoni. Ya fataki ni kufunika na kukimbia.

Swali la kwanza la daktari lilikuwa alikula saa ngapi, kwa sababu kushona jicho la mtoto kunahitaji nusukaputi. Kwa hiyo njiani usimpe hata juisi ya kumbembeleza. Aspirini na ibuprofeni pia usimpe, zinaweza kuzidisha damu. Mkalishe, kichwa kiwe juu. Wangu alishonwa usiku uleule, na leo anasoma kwa jicho hilo akivaa miwani.

Wazazi, tusidanganyane kwamba anayeumia ni anayewasha tu. Watazamaji huumia sana. Fataki isitiwe kwenye chupa wala kopo. Iliyogoma kulipuka asiirudie mtu. Subirini dakika 20, kisha mtu mzima aizamishe kwenye ndoo ya maji. Na msiwanunulie wadogo vijiti vya cheche mkidhani ni salama. Vinawaka kwa joto linalokaribia nyuzi 1,000.

Sasa wewe wa Kisauni, unasema mwanao anaona vizuri na maumivu yamekwisha. Mpeleke kliniki ya macho hata hivyo. Pigo huweza kuvujisha damu ndani, ikatuama chini mbele ya mboni, ikakoma, kisha ikavuja upya siku chache baadaye. Mwambie daktari apime presha ya jicho, na umuulize arudi lini, kwa kuwa presha hiyo huweza kupanda hata baada ya miaka.