Andika yai, usiandike utamu: kwa wadogo zangu wa promo za simu

Juzi Jumamosi nilisimama nyuma ya vijana watatu waliokuwa wakipiga promo ya kibanda cha roleksi, ile chapati inayoviringishwa na yai, hapa Wandegeya, Kampala. Walikuwa na simu mbili, stendi moja na pawabanki moja. Kwenye karatasi yao ya orodha ya shoti nikasoma: "Shoti ya 4: mteja anafurahia utamu wa roleksi yetu." Mwenye simu akauliza, "Sasa hapa napiga nini?" Wakaanza kubishana, na wakati wanabishana yai likaungua. Nilisikia uchungu, maana karatasi kama ile niliwahi kuiandika mimi mwenyewe.

1. Andika kile simu itakachokiona. Utamu hauonekani. Kinachoonekana ni mikono, mdomo na mvuke. Shoti ile ya 4 ningeiandika hivi: "Karibu, kutoka ubavuni, simu wima, usawa wa meza. Mikono inafungua karatasi, mvuke unapanda, mteja anauma mara moja, anatafuna bila kutazama simu. Nyuma yake mlango mweusi. Sekunde 5." Huo mlango mweusi nimeuandika kwa sababu mvuke mbele ya ukuta mweupe haushikwi na simu. Unahitaji giza nyuma yake na mwanga unaoupiga kutoka nyuma au ubavuni. Ukitaka kujua kama maelezo yako yametosha, mpe karatasi mtu ambaye hakuwepo kwenye kikao. Akikuuliza asimame wapi, rudi ukaandike tena.

2. Usipange orodha kwa mfuatano wa hadithi. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka 2019 nilipewa promo ya sekunde 40 ya kibanda kama hiki. Mama mwenye kibanda alizaliwa Bunia, Kongo, Kiswahili chake kitamu, na alituamini. Niliandika shoti 18 kama mtazamaji atakavyoziona: mwanafunzi anaamka hosteli Kikoni, mama ananunua mayai Kalerwe, mama anapika Wandegeya, mwanafunzi anakula hosteli, halafu foleni ya wateja kibandani. Tukazipiga kwa mpangilio huohuo. Asubuhi Kikoni, kisha Kalerwe, kisha Wandegeya, kurudi Kikoni, kurudi Wandegeya, watu watatu kwenye bodaboda mbili, na foleni ya magari mnaijua. Pesa ya chakula cha mchana iliishia kwenye nauli.

Lakini nauli haikuniumiza kama mayai. Kwenye upishi niliandika shoti tano: kupasua, kukoroga na kitunguu na kabichi, kumwaga, kugeuza, kuviringisha. Kila moja niliiandika kama kitu kinachojitegemea, kana kwamba yai lililokwisha kukaangwa linaweza kurudi kwenye ganda. Kila teki mama alianza upya. Roleksi moja mayai mawili, na shoti moja ilitugharimu kama teki tatu au nne, maana mara mkono unaziba, mara simu haijashika fokasi. Piga hesabu: shoti tano mara teki tatu ni roleksi 15, yaani mayai 30, trei nzima. Mimi sikuipiga hesabu hiyo.

Mama alikuja na trei moja tu, ndiyo ya kuuzia siku ile. Tulipofika kwenye kugeuza, ilikuwa imebaki jozi moja, na jozi hiyo ikaungua. Wateja wawili walikuwa wamesimama wanasubiri. Mama akawaambia mayai yamekwisha, akanigeukia, hakupaza sauti. "Mwanangu, hiyo trei ndiyo mtaji wangu wa leo." Mfukoni sikuwa na kitu. Nilimlipa kwa mafungu mawili, la pili likachelewa wiki nzima, na kila nilipopita njia ile nilivuka upande wa pili wa barabara. Promo nayo ilitoka bila shoti ya kuviringisha. Jina lenyewe la roleksi limetoka kwenye Kiingereza "rolled eggs", mayai yaliyoviringishwa, na mimi nimemtengenezea mama tangazo la chapati na yai kando. Mhariri alijaribu kuficha kwa kukata haraka kwenda kwenye sura ya mteja. Mama aliitazama kwenye simu yake, akasema asante, akauliza, "Na pale ninapoviringisha?"

Leo naandika kwa kulifuata yai. Roleksi moja tangu kupasua mpaka kukabidhi ni mkupuo mmoja, na mama hasimamishwi katikati. Simu A iko kwenye stendi, inaona kikaangio na mikono kutoka juu kwa mshazari, inarekodi mkupuo wote. Simu B iko mkononi na ina kazi moja tu kila mkupuo. Wa kwanza inafuata kupasua na kukoroga. Wa pili, kumwaga na kugeuza. Wa tatu, chapati kuwekwa juu na kuviringishwa. Wa nne ni wa akiba. Jumla mayai 8 na chapati 4, na roleksi ya mwisho inaingia moto kwenye shoti ya kula, kwa hiyo mteja awe ameshakaa kabla haijaviringishwa.

Kwa kuwa mhariri ataunganisha mkupuo wa kwanza na wa tatu kama roleksi moja, andika vitu visivyobadilika: kikombe cha njano, aproni ileile, pete ile ile, mama anapasulia mkono wa kulia. Kati ya mikupuo mtu afute lenzi, maana mafuta yanaruka. Ukiona taa zinaburuta michirizi na picha ina ukungu, lenzi imeshapakwa. Na juu kabisa ya karatasi, kabla ya shoti ya kwanza, andika vitakavyoliwa na nani amevilipia.

3. Turubai la kivuli. Ukiandika tu "mama kibandani, mchana", hujamwambia mpiga shoti kitu. Turubai la bluu linapaka kila kitu rangi yake, yai linaonekana limeoza na uso wa mama unakuwa wa mgonjwa. Ukiliondoa saa 6 mchana, hapa karibu na ikweta jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo meusi. Kwa hiyo andika: "Saa 2 asubuhi, turubai limekunjwa, mama anatazama upande wa mwanga, barabara haiko nyuma yake." Barabara yenye jua ikiwa nyuma, simu inapima mwanga wa barabara na mama anageuka kivuli. Ikibidi, bonyeza uso wake kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka mwanga ufungwe.

4. Mengine kwa ufupi. Usiku chini ya taa za umeme piga fremu 25 kwa sekunde, umeme wetu ni wa hezi 50 na picha haitacheza. Tuma klipu WhatsApp kama dokumenti, usizitume kama video. Rekodi nusu dakika ya mlio wa kukaanga peke yake, watu wote wakiwa kimya.

Wale vijana wa Jumamosi niliwaomba karatasi yao, tukaigeuza, tukaandika upya nyuma yake tukiwa tumeegemea bodaboda. Shoti 14 zikawa mikupuo minne na shoti tatu za pembeni. Tukamlipa mama mayai 8 kabla hajapasua hata moja. Walimaliza kwenye mkupuo wa tatu. Ule wa nne mama aliuuza.