Mgeni Mmoja Akikataliwa na Seva, Chunguza Anwani Yake Kabla ya Ruhusa za Faili

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwamba tovuti yake inafunguka kwa kila mtu isipokuwa mteja wake mmoja, ambaye kila akiifungua hukutana na maneno 403 Forbidden, na kwamba ameshabadilisha ruhusa za faili zote bila mafanikio. Ujumbe huo umenikumbusha jambo ambalo bado linaniuma. Nilikuwa nimekabidhiwa tovuti ya chama kimoja, na mwanachama mmoja, mzee anayeheshimiwa sana, alisimama kikaoni akasema kuwa nimemfungia mlango kwa sababu tulikuwa tumetofautiana kuhusu mahesabu. Sikuwa nimegusa chochote, lakini ungemwambiaje mtu ambaye wenzake wote wanaingia na yeye peke yake anakataliwa?

Ruhusa za faili niziondoe mapema, maana ndizo zinazowapotezea wengi muda. Faili yenye ruhusa 644 na folda yenye 755 hufunguliwa na programu ya seva, ambayo husoma yaliyomo na kumpelekea mgeni. Mfumo wa faili haumjui mgeni huyo ni nani wala anatoka wapi. Ruhusa zikiharibika, ukurasa hukataliwa kwa watu wote. Mtu mmoja anaweza kuathirika peke yake pale tu anapofungua kitu ambacho wengine hawakifungui, kwa mfano hati yake mwenyewe iliyopakiwa ikabaki na ruhusa 600, yaani ya kusomwa na mwenye faili tu, chini ya mtumiaji mwingine wa seva. Wanaokimbilia kuweka 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, hawamsaidii mgeni aliyekataliwa, ila wanamrahisishia kazi mdukuzi.

Seva inapombagua mtu mmoja, imeona kitu alichokuja nacho: anwani yake ya IP, kuki zilizo katika kivinjari chake, au namna ombi lake lilivyoandikwa. Ili kujua ni kipi kati ya hivyo, badilisha kimoja huku vingine vikibaki vilevile. Nilimwomba yule mzee afungue tovuti kwa simu ileile na kivinjari kilekile, kwanza kwa data ya mtandao wa simu, kisha kwa waifai ya nyumbani. Kwa data alikataliwa, kwa waifai akaingia. Hapo kuki na kivinjari vilikuwa vimeondoka katika orodha ya washukiwa, ikabaki anwani. Kama angekataliwa kote kuwili lakini akaingia kwa dirisha la faragha, ningeanza kuchunguza kuki na kanuni za ModSecurity, programu ya ulinzi wa seva, ambazo wakati mwingine huona herufi zilizomo ndani ya kuki na kudhani ni shambulio.

Nilimwomba pia anitumie anwani yake ya IP akiwa kwenye mtandao unaokataliwa, si ule unaofanya kazi, pamoja na saa kama inavyoonekana kwenye skrini ya simu. Saa ni muhimu kwa kuwa logi, yaani kumbukumbu za maombi ambazo seva huziandika, mara nyingi huwa kwa saa za UTC, zenye alama +0000, na usipolijua hilo utatafuta mstari wa usiku katika kurasa za mchana. Anwani nayo ina mtego wake: simu inaweza kukuonyesha anwani ya IPv6 ilhali tovuti yako inafikiwa kwa IPv4, hivyo usipoiona usikate tamaa, tafuta kwa saa.

```
grep " 403 " access.log | grep "203.0.113.77"
```

(Anwani hiyo ni ya mfano.) Logi ya ziara ilithibitisha kwamba seva yetu ndiyo iliyomkataa, ila sababu hukaa katika logi ya makosa, na hapo Apache, programu ya seva yetu, haifichi kitu. Ukikuta `AH00132: file permissions deny server access`, basi kweli ni ruhusa za faili. Ukikuta `ModSecurity: Access denied with code 403`, ni kanuni ya ulinzi, na namba yake imeandikwa palepale mbele ya neno `id`. Sisi tulikuta hii:

```
AH01630: client denied by server configuration
```

Maana yake ni kwamba kuna amri iliyoandikwa katika mipangilio, na mtu fulani aliiandika. Nilifungua faili ya `.htaccess` na kuikuta, imeachwa na aliyenitangulia:

```
<RequireAll>
    Require all granted
    Require not ip 203.0.113.0/24
</RequireAll>
```

Ile /24 ya mwisho inafunga anwani 256 kwa mkupuo. Huenda aliyeiandika aliona roboti moja ikijaribu nywila kutoka hapo, akaamua kufunga mtaa mzima. Tatizo ni kwamba kampuni za simu huwapitisha wateja wengi katika anwani chache za umma, na kila mara simu inapojiunga upya inaweza kupewa anwani nyingine. Mzee wetu alikuwa akitumia mtandao ambao wanachama wengine hawakuwa nao, kwa hiyo adhabu ya roboti ilimwangukia yeye.

Kabla sijafika hapo, kampuni iliyokuwa ikitunza seva yetu ilikuwa imemwambia afute historia ya kivinjari, kisha anunue simu mpya, na hatimaye ikairuhusu anwani yake moja pekee. Siku hiyo aliingia, wakafunga malalamiko. Kesho yake alikuja na anwani inayoishia na 91 badala ya 77, akakataliwa tena, na hapo ndipo alipoamini kabisa kuwa kuna mtu anamchezea. Ndugu zangu mnaosimamia tovuti za watu, msiruhusu anwani moja inayobadilika mkasema mmetengeneza. Ondoeni zuio lenyewe.

Niliufuta mstari ule wa `Require not ip`. Mabadiliko ya `.htaccess` huanza kufanya kazi papo hapo bila kuiwasha seva upya, tofauti na faili kuu ya mipangilio. Ulinzi dhidi ya roboti niliuhamishia kwenye ukurasa wa kuingilia, kwa kuweka kikomo cha majaribio ya nywila na zuio la muda mfupi linalojifuta lenyewe. Zuio lisilo na mwisho ni deni ambalo atalipa mtu mwingine, na mara nyingi ni mtu asiyejua hata lilikopwa lini. Kisha nikamwomba mzee ajaribu yeye mwenyewe kwa data, kwa sababu mimi kuifungua kutoka kwangu kusingethibitisha lolote. Aliingia. Kikaoni hakulirudia jambo lile, wala hakuyaondoa maneno yake.

Sasa nimrudie msomaji wangu. Ametafuta katika logi kwa anwani na kwa saa, na hakuna mstari wowote wa 403 unaomhusu mteja wake. Hilo ni jibu kubwa, kwa kuwa ombi lililokataliwa bila kuacha alama kwenye seva halikuifikia seva. Limezuiwa njiani, ama na huduma inayokaa mbele ya tovuti yake, ama na kichujio cha ofisi anakofanyia kazi mteja huyo. Kwa hiyo aache faili zake, arudishe ruhusa za 644 na 755, na aombe picha ya ukurasa mzima wa kukataliwa. Ikiwa huduma hiyo ni Cloudflare, ukurasa utakuwa na Ray ID, na kwa namba hiyo ataipata kanuni iliyomzuia mteja katika orodha ya matukio ya usalama ya akaunti yake.